Kifurushi usichoagiza na kadi iliyomo: Muuzaji anapata nini?

Kifurushi kinafika kwa posta kikiwa na jina lako na anwani yako sahihi, lakini hukuagiza kitu. Ndani mna pete ya bei ya chini, na chini yake kadi inayokutaka uskani msimbo wa QR ili umjue aliyekutumia zawadi. Mfanyabiashara yeyote atajiuliza: huyu anayegawa mali bure anapata faida gani?

Tuanze na kifurushi chenyewe. Katika masoko ya mtandaoni kama Amazon, mnunuzi huchagua bidhaa kwa kutazama idadi ya mauzo na nyota zilizotolewa na wateja. Maoni yenye uzito zaidi ni yale yaliyowekewa alama kuwa mtoaji alinunua kweli. Ili alama hiyo ipatikane, lazima mfumo uone oda na malipo, na mzigo wenye namba ya ufuatiliaji ukifika kwa mtu ni ushahidi kwamba biashara ilifanyika. Ndiyo maana muuzaji mdanganyifu anahitaji jina na anwani ya mtu halisi, ambazo huzipata kwenye orodha za wateja zilizovuja au kuuzwa.

Chukua mfano wa muuzaji wa chaja ya dola 20. Anafungua akaunti kwa jina lako na kujinunulia chaja yake mwenyewe. Dola 20 zinamrudia, isipokuwa kamisheni ya soko, tuseme asilimia 15, yaani dola 3. Badala ya chaja anatuma pete ya senti chache, na tuseme nauli ni dola 2. Namba ya ufuatiliaji ikionyesha mzigo umefika, anaandika maoni ya nyota tano kwa jina lako. Gharama ni kama dola 5. Kwa dola 250 anapata mauzo 50 na sifa 50, na stoo yake haijapungua hata chaja moja. Chaja ikipanda hadi ukurasa wa kwanza, wateja wa kweli watarudisha fedha hizo.

Mchezo huu si mgeni. Mwezi Julai 2020, watu katika majimbo mengi ya Marekani walipokea pakiti za mbegu wasizoagiza, nyingine zikiwa zimeandikwa kuwa ni vito. Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo ilisema haikuona ushahidi wa jambo jingine zaidi ya udanganyifu huu wa mauzo, lakini ikawaonya watu wasizipande, kwani mbegu za kigeni zinaweza kuleta magonjwa ya mimea.

Kadi inaongeza nini?

Hapa ndipo pa kuangalia kwa makini. Anayetaka nyota tu hahitaji lolote kutoka kwako. Kifurushi kikishafika, kazi yake imekwisha. Kadi ikiwemo, maana yake kuna kitu zaidi kinachotakiwa, nacho uko nacho wewe.

Kadi ni za aina mbili. Ya kwanza inaahidi zawadi ukitoa nyota tano. Hii hukutwa zaidi kwenye bidhaa uliyoagiza kweli, na lengo lake ni sifa ya kununuliwa. Ya pili ndiyo hiyo yenye msimbo wa QR. Julai 2025 FBI ilionya kwamba msimbo wa namna hii unaweza kumpeleka mtu kwenye ukurasa unaomwomba taarifa zake binafsi na za kifedha, au kuingiza programu ya wizi kwenye simu yake. Huyo wa pili huenda si muuzaji kabisa. Faida yake ni akaunti yako.

Sheria nazo zimebana. Kanuni ya Marekani iliyoanza kutumika Oktoba 2024 inakataza maoni ya uongo, na faini inaweza kuzidi dola 50,000 kwa kosa moja. Pia, kwa sheria ya huko, aliyepokea bidhaa asiyoagiza anaweza kubaki nayo bila kulipa. Tatizo ni kwamba muuzaji mara nyingi yuko nchi nyingine.

Ufanye nini?

Kwanza hakikisha kwamba wewe au mtu wa nyumbani hamkuagiza na kusahau. Kama hamkuagiza, usiskani kadi. Ingia mwenyewe kwenye akaunti yako, badilisha nywila, na utoe taarifa sokoni. Msafirishaji akikuta ndani ni mbegu, asiendelee nazo mpakani. Mbegu zinahitaji cheti cha afya ya mimea.

Na wewe unayeagiza mzigo wa kuuza, kumbuka kwamba nyota hizo ndizo unazozitegemea. Soma tarehe za maoni. Yakiwa mengi ndani ya siku chache, yenye maneno yanayofanana na bila picha ya bidhaa, agiza sampuli moja kabla ya kuagiza katoni.