Kwa nini mharage hufa njaa kando ya mhindi

Panda mche wa mahindi na mche wa maharage, umwagilie vizuri, kisha ufunike yote miwili kwa kisanduku cha kioo kisichopitisha hewa. Weka taa juu yake, iwake usiku na mchana. Siku za mwanzo hutaona kitu. Baadaye majani ya mharage yataanza kufifia, yatageuka manjano, na mwishowe mche utakufa huku mhindi umesimama na kijani chake. Maji yalikuwepo, mwanga ulikuwepo, na wala mizizi haikugombania mbolea. Mkulima aliyezoea kuchanganya mazao haya katika shamba moja atadhani ni ugonjwa.

Jaribio la namna hii lilielezwa mwaka 1969 na Jack Widholm na William Ogren, watafiti wa Illinois, Marekani. Wao walitumia soya, ambayo kwa habari hii ni sawa na maharage. Kilichoua soya ni njaa ya hewa ukaa, lakini njaa ya ajabu kidogo: mche ulikuwa unaitoa hewa hiyo mwilini mwake wenyewe, mchana kweupe, na jirani yake akaila. Ili kuona jinsi hilo linavyotokea, inabidi tuingie ndani ya jani.

Kijani cha jani kimo katika vifuko vidogo viitwavyo kloroplasti. Ndani yake kuna tando nyembamba zilizopangwa juu ya nyingine kama chapati kwenye sahani, na klorofili imekaa katika tando hizo. Mwanga ukiipiga klorofili, elektroni moja hurushwa nje. Pengo linalobaki lazima lizibwe, na jani hulizibia kwa kuchukua elektroni kutoka kwenye maji. Molekuli mbili za maji hupasuliwa, zikatoa elektroni nne, protoni nne, na oksijeni moja ambayo jani halina haja nayo. Oksijeni tunayovuta ni makapi ya kazi hiyo.

Elektroni zilizorushwa hupokezanwa kutoka mbebaji mmoja hadi mwingine, na njiani nguvu yao hutumika kusukuma protoni zaidi upande mmoja wa utando. Protoni hizo zikirundikana hutafuta njia ya kurudi, na njia iliyopo ni mashine ndogo ya protini inayozunguka kama gurudumu la kinu cha maji. Kila inapozunguka hutengeneza ATP, ambayo ni nishati iliyofungashwa tayari kwa matumizi. Elektroni zenyewe hupigwa na mwanga mara ya pili, kisha hupakiwa kwenye kibebeo kiitwacho NADPH. Hapo kazi ya mwanga imekwisha. Sukari bado haijatengenezwa hata chembe. Kilichopo ni nishati na elektroni zinazosubiri kazi.

Kazi yenyewe hufanyika katika majimaji yanayozunguka tando hizo. Hatua zake zilifuatiliwa huko Berkeley, California, na Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham, waliowalisha mwani hewa ukaa yenye kaboni ya mnururisho, wakaua mwani huo baada ya sekunde chache na kutazama kaboni imefika wapi. Calvin alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1961, na mzunguko huo ukabaki na jina lake. Benson hakuipata, jambo ambalo wengi bado wanaliona si haki.

Mzunguko huanza na sukari yenye kaboni tano. Hewa ukaa huunganishwa nayo, zikawa kaboni sita, na papo hapo zikagawanyika vipande viwili vya kaboni tatu tatu. ATP na NADPH hutumika kuvigeuza vipande hivyo kuwa sukari ndogo. Sasa tazama hesabu yake. Zikiingia hewa ukaa tatu, zinapatikana sukari ndogo sita, lakini tano kati ya hizo lazima zirudi kutengeneza upya zile sukari tatu za kaboni tano zilizotumika mwanzo. Ni kama mkulima anayevuna debe sita na kutenga tano za mbegu. Faida ni debe moja, na kwa faida hiyo jani limelipa ATP tisa na NADPH sita.

Anayeunganisha hewa ukaa na sukari ni kimeng'enya kiitwacho rubisko. Ni mzito wa kazi kupita kiasi: hushika hewa ukaa kama tatu tu kwa sekunde, wakati vimeng'enya vingi hufanya kazi mamia ya mara katika muda huo huo. Jani hufidia uzito huo kwa wingi. Katika mimea kama ngano, mpunga na maharage, hadi karibu nusu ya protini inayoyeyuka katika jani ni rubisko peke yake.

Lakini ubaya wake mkubwa si uzito. Mwaka 1971 George Bowes, Ogren na Richard Hageman walionyesha kwamba rubisko huyo huyo hushika pia oksijeni, mahali pale pale anaposhikia hewa ukaa. Hilo lilifumbua fumbo la miaka mingi, kwani tangu mwaka 1920 Otto Warburg alikuwa ameona oksijeni ikipunguza usanisinuru wa mwani bila kujua sababu.

Watu wengi husema rubisko huchanganya hizi mbili kwa sababu zinafanana. Maelezo hayo ni mepesi mno. Rubisko huanza kwa kuikamata sukari ya kaboni tano na kuinyang'anya protoni moja. Sukari inabaki na elektroni zilizo wazi, ikiwa tayari kuungana na chochote kinachofaa. Hewa ukaa haina kiti chake maalumu ndani ya kimeng'enya. Huingia tu na kuigonga sukari iliyoandaliwa. Oksijeni nayo ni ndogo, haina chaji, na huingia kwa mlango huo huo. Sukari katika hali ile ina uwezo wa kuungana nayo vilevile. Kwa maneno mengine, maandalizi yale yale yanayoiwezesha sukari kupokea hewa ukaa ndiyo yanayoiacha wazi kwa oksijeni.

Rubisko anaweza kuchagua kwa namna moja: kuibana hewa ukaa kwa nguvu pale inapoanza kuungana, ili muungano huo uwe rahisi kuliko ule wa oksijeni. Anayebana sana, huchelewa kuachia. Guillaume Tcherkez na wenzake walitoa hoja hiyo mwaka 2006, nami naiona ina uzito: rubisko mchaguzi huwa mzito zaidi, na mwepesi huwa ovyo zaidi. Baadhi ya mwani mwekundu, kundi linalojumuisha mwani unaolimwa Zanzibar, una rubisko anayechagua vizuri kuliko yule wa mazao yetu ya shambani. Kumbuka pia kwamba rubisko ni wa zamani kuliko hewa yenye oksijeni nyingi. Alipoanza kazi, hakukuwa na wa kumchanganya.

Rubisko akishika oksijeni, sukari ya kaboni tano hupasuka kuwa kipande kimoja cha kaboni tatu, ambacho kinafaa, na kimoja cha kaboni mbili, ambacho hakifai na kikijazana husumbua vimeng'enya vingine. Jani hukisafirisha nje ya kloroplasti hadi peroksisomu, kisha mitokondria. Huko vipande viwili vya namna hiyo huunganishwa na kutoa kimoja cha kaboni tatu, na kaboni ya nne hutoroka kama hewa ukaa. Amonia nayo hutolewa, na kuikamata tena kunagharimu nishati. Safari hii ndiyo upumuaji-nuru. Huwezi kuikata: mimea iliyoharibika hatua mojawapo ya njia hiyo hudhoofika au kufa katika hewa ya kawaida, lakini hustawi ikipewa hewa ukaa nyingi, kwa sababu hapo rubisko hukosea mara chache.

Hasara yake inapimika. Rubisko wa mimea ya kawaida, akikutana na gesi hizo mbili kwa viwango sawa, huchagua hewa ukaa mara 90 hivi kwa kila oksijeni moja. Ni uchaguzi mzuri, ila viwango si sawa. Katika maji ya ndani ya jani, nyuzi joto 25, kuna oksijeni takriban 250 kwa kila hewa ukaa 8. Zidisha 90 kwa 8, ugawe kwa 250: unapata karibu 3. Yaani katika mara nne anazoshika kitu, moja ni oksijeni. Chukua mara nane: sita hewa ukaa, mbili oksijeni, na kwa hizo mbili hewa ukaa moja inatoroka. Rubisko amefanya kazi mara nane, jani limebaki na kaboni tano. Joto likipanda, uchaguzi unazorota na hewa ukaa huyeyuka kidogo zaidi majini kuliko oksijeni. Jua likikausha udongo, jani hufunga vinyweleo vyake ili lisipoteze maji, na hewa ukaa iliyobaki ndani huisha upesi.

Sasa turudi kwenye kisanduku. Kwa kuwa oksijeni mbili humtoa hewa ukaa mmoja, faida hufika sifuri pale rubisko anaposhika oksijeni mara mbili kwa kila hewa ukaa moja. Fanya hesabu ile ile kinyumenyume, na hali hiyo inaangukia kwenye hewa ukaa sehemu kama 40 katika milioni za hewa. Ukiongeza hewa ukaa ya upumuaji wa kawaida, inafika karibu 50. Hewa ya nje ina sehemu zaidi ya 400, kwa hiyo shambani mharage hauna shida. Ukifungiwa peke yake, utaila hewa ukaa hadi sehemu 50 hivi, kisha utakaa hapo hapo, ukiitoa na kuirudisha.

Mhindi haukai hapo. Seli za nje za jani lake hukamata kaboni kwa kimeng'enya kingine, kinachotumia hewa ukaa iliyogeuka bikaboneti majini, nayo oksijeni haina namna ya kuingia mahali pake. Kaboni hiyo hubebwa katika asidi ya kaboni nne hadi kwenye seli zinazozingira mishipa ya jani, na huko huachiliwa ndani ya chumba kilichofungika ambamo rubisko anangoja. Hewa ukaa hurundikana humo mara nyingi zaidi kuliko ndani ya jani la mharage, na oksijeni hukosa nafasi. Gharama yake ni ATP mbili zaidi kwa kila kaboni, ndiyo maana penye baridi na mawingu mbinu hii haina faida kubwa, na viazi au ngano havipitwi na mahindi. Muwa, mtama na uwele huifuata njia hii hii. Mkonge na nanasi wana yao: hufungua vinyweleo usiku, wakaweka akiba ya kaboni, wakaitumia mchana vikiwa vimefungwa.

Kwa mbinu hiyo mhindi huivuta hewa ya kisanduku hadi karibu na sifuri, chini kabisa ya zile sehemu 50. Kila hewa ukaa inayotoroka kwenye jani la mharage huchukuliwa kabla haijarudi. Mharage unateketeza sukari yake, kisha protini zake, naye rubisko akiwemo, na hapo ndipo manjano yanapotokea.

Ukitaka kuhakikisha kwamba mkosaji ni oksijeni, usiguse mmea wowote. Badilisha hewa tu: punguza oksijeni kutoka asilimia 21 hadi 2. Kiwango kile cha 40 kinachotokana na makosa ya rubisko hushuka nacho, hadi kama sehemu 4 katika milioni.