Bombadia na Skanki: Wanyama Wanaojihami kwa Kemikali

Mbawakawa bombadia hujihami kwa kumrushia adui kemikali za moto. Spishi moja inayopatikana Kenya, *Stenaptinus insignis*, ina urefu wa takriban sentimita 2 tu, lakini mchuruziko wake hufikia nyuzi 100 za Selsiasi, joto la maji yanayochemka.

Tumboni mwake mna tezi mbili, na kila tezi ina vyumba viwili. Chumba cha ndani huhifadhi haidrokwinoni na haidrojeni peroksaidi zikiwa pamoja, na humo hazimdhuru. Cha nje kina ukuta mgumu na vimeng'enya. Mdudu akishambuliwa, hubana chumba cha ndani, na kimiminiko hupita kwenye vali hadi chumba cha nje. Vimeng'enya huivunja peroksaidi papo hapo na kutoa oksijeni, na haidrokwinoni hugeuka benzokwinoni, kemikali inayowasha. Joto linalozalishwa huchemsha mchanganyiko, na shinikizo la gesi huurusha nje kwa mlipuko unaosikika.

Mdudu mwenyewe haungui kwa sababu mlipuko huo hauendelei mfululizo. Shinikizo likipanda, vali hujifunga. Likishuka, hufunguka tena na kuingiza kimiminiko kingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba mchuruziko hutoka kwa mapigo yapatayo 500 kwa sekunde. Chumba hupata nafasi ya kupoa kidogo kati ya pigo na pigo. Mdudu huzungusha ncha ya tumbo lake kuelekea upande anaoumwa, hivyo siafu aking'ata mguu, hulengwa mguuni hapohapo.

Skanki wa Amerika Kaskazini, anayefanana na kicheche wa Afrika, hategemei joto. Silaha yake ni mafuta ya manjano yenye kemikali za salfa, yanayotoka katika tezi mbili kando ya mkundu. Misuli inayozizunguka tezi hizo huyarusha kwa shabaha hadi mita 3 hivi. Yakiingia machoni huwasha sana na kumpofusha adui kwa muda. Akiba yake hutosha kurusha mara chache tu, na kuijaza upya huchukua siku kadhaa. Kwa hiyo kwanza huonya: hupiga miguu chini, huinua mkia, kisha hugeuza makalio. Hata hivyo bundi mkubwa wa Amerika humwinda, kwa kuwa hushuka ghafla kutoka juu na uwezo wake wa kunusa ni mdogo.

Mbwa aliyerushiwa mafuta hayo akioshwa kwa maji matupu, harufu hurudi kila anapolowa, kwa sababu baadhi ya kemikali hizo huvunjwa na maji polepole na kutoa uvundo upya. Dawa yake ni lita 1 ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, robo kikombe cha baikaboneti ya soda na kijiko kidogo cha sabuni ya maji. Peroksaidi huitia oksijeni salfa na kuondoa uvundo. Mchanganyiko huo haupaswi kuingia machoni wala kuwekwa katika chupa iliyofungwa, kwa sababu oksijeni inayotoka inaweza kuipasua.