Kwa Nini Serikali Isichape Noti Zaidi? Mazungumzo ya Kurasini

Swali hili huulizwa katika madarasa ya siasa, vijiweni na hata katika vikao vya matawi: ikiwa Serikali ndiyo yenye noti, kwa nini wananchi wawe maskini? Mazungumzo yafuatayo ni ya mhadhiri wa uchumi na mwanafunzi wake mkazi wa Kurasini, ambaye mama yake huuza chakula karibu na matangi ya mafuta. Tunayaeleza kwa ajili ya makada na wanafunzi wanaotakiwa kulijibu swali hilo mbele ya wananchi.

MWANAFUNZI: Ndugu Mhadhiri, zahanati yetu inahitaji dawa na barabara yetu ni mbovu. Benki Kuu ni mali ya umma. Kwa nini isichape fedha tukamaliza shida hizi?

MHADHIRI: Tuichukue Kurasini kana kwamba ni kisiwa. Msimu huu kina magunia 100 ya mchele, na wakazi wana shilingi 100,000 za kuyanunua. Gunia litauzwa kiasi gani?

MWANAFUNZI: Shilingi 1,000.

MHADHIRI: Sasa Serikali ya kisiwa inachapa shilingi 50,000 nyingine na kuwahi sokoni kabla ya wakazi. Inanunua magunia 50 kwa bei ya zamani. Yamebaki mangapi, na wakazi wana fedha ngapi?

MWANAFUNZI: Magunia 50, na wakazi wana shilingi 100,000 zilezile. Basi gunia litafika shilingi 2,000.

MHADHIRI: Mama yako aliyekuwa na shilingi 2,000 angepata magunia mawili. Leo anapata moja. Hakuna aliyeingiza mkono mfukoni mwake, lakini gunia lake moja limekwenda. Hiyo ni kodi, ndugu yangu, ila ni kodi isiyopitishwa na Bunge wala kuandikiwa stakabadhi. Na angalia: mchele wote bado ni magunia 100. Noti hazikuongeza hata punje moja; zimebadili tu nani atakula.

MWANAFUNZI: Lakini Serikali ingeweza kuweka bei rasmi, mwuzaji asizidishe shilingi 1,000.

MHADHIRI: Hilo tulilifanya, na makada wanapaswa kulielewa vizuri. Tume ya Bei iliundwa mwaka 1973 kwa nia ya kumlinda mnyonge. Baadaye zilikuja gharama za vita dhidi ya Idi Amin, 1978 hadi 1979, na bei ya mafuta ilipanda duniani. Matumizi ya Serikali yakazidi mapato, na sehemu kubwa ya pengo ikazibwa kwa kukopa benki. Mashirika ya umma yaliyopata hasara nayo yakakopa Benki ya Taifa ya Biashara. Ujue kwamba kuchapa si mtambo wa karatasi peke yake. Benki Kuu inapoandika fedha mpya katika akaunti ya Serikali, imekwisha kuchapa.

MWANAFUNZI: Na bei rasmi zilisaidia?

MHADHIRI: Rudi kisiwani. Watu wana shilingi 150,000, magunia ni 100, bei ni 1,000 na haipandi. Magunia yatanunuliwa kwa shilingi 100,000. Shilingi 50,000 zinabaki mikononi bila kitu cha kununua. Ndipo unapoona foleni, mgawo, na sabuni inayotoka kwa mlango wa nyuma. Bei haikwisha kupanda. Imejificha katika saa za kusimama foleni na katika faida ya mlanguzi. Mwaka 1983 Serikali iliwasaka wahujumu uchumi, na bidhaa zilizofichwa zilipatikana. Lakini msako hufichua bidhaa iliyopo, hauzalishi isiyokuwapo.

MWANAFUNZI: Kwa hiyo hasara ni ya mnunuzi wa mjini?

MHADHIRI: Hapana, fuata mpaka shambani. Mkulima anauza pamba, analipwa noti. Anakwenda dukani: hakuna jembe, hakuna khanga, hakuna mafuta ya taa. Msimu unaofuata atajiuliza kwa nini avuje jasho kwa karatasi isiyonunua kitu. Atapunguza pamba na kulima chakula chake. Sasa nchi ina noti nyingi zaidi na mazao machache zaidi ya kuuza nje. Hapo noti hazikushindwa tu kuleta utajiri, zimesaidia kuupunguza.

MWANAFUNZI: Bado kuna jambo linanisumbua. Viwanda vingi wakati huo vilifanya kazi chini ya uwezo wake, na vijana hawakuwa na kazi. Je, fedha mpya isingeviamsha?

MHADHIRI: Swali zuri, na usimdharau anayeliuliza. Pakiwa na mashine, malighafi na mafundi waliokaa bure kwa sababu tu wateja hawana fedha, kuongeza fedha kunaweza kuzalisha bidhaa zaidi. Kwa hiyo kwanza uulize: kiwanda kimesimama kwa kukosa nini? Vyetu vilikosa vipuri, malighafi za nje na mafuta. Unaliona gati la mafuta hapa Kurasini. Meli ikishusha dizeli, mwenye shehena anataka fedha za kigeni. Benki Kuu yetu inaweza kutoa shilingi, lakini haiwezi kutoa dola. Dola tunaipata kwa kahawa, dhahabu, watalii, mizigo ya bandarini, mikopo au misaada.

MWANAFUNZI: Matokeo yakawa nini?

MHADHIRI: Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 bei zilipanda kwa wastani wa karibu asilimia 30 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo bei huzidi maradufu ndani ya miaka mitatu. Mshahara na pensheni havikupanda hivyo. Mwenye deni la zamani alilipa kwa shilingi nyepesi, na mwenye akiba alipoteza. Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa, na rafu zikaanza kujaa tena. Kilichozijaza ni bidhaa, si noti. Lakini bei za bidhaa hizo hazikuwa za mnyonge, na huo ndio uchungu wa kuchelewa kurekebisha.

MWANAFUNZI: Kada wa tawi ataitambuaje hatari mapema?

MHADHIRI: Atazame mambo matatu. Kwanza, je, Serikali inaziba nakisi kwa kodi na kwa kukopa akiba za watu, au kwa kukopa Benki Kuu? Ndiyo maana sheria imewekea mikopo hiyo kikomo. Pili, je, bei ya dola mtaani imeachana mbali na ile ya benki? Tatu, je, bei zinapanda karibu kwa kila kitu pamoja? Nyanya zikipanda peke yake wakati wa mvua, hilo ni shamba. Nyanya, nauli, kodi ya nyumba na saruji zikipanda pamoja mwezi hata mwezi, itazame fedha yenyewe. Ila kwanza hakikisha si mafuta yaliyopanda duniani, maana nayo huingia katika kila bei.

MWANAFUNZI: Basi mama akiniuliza, nitamjibu hivi: noti ni kama tiketi ya kivuko cha Kigamboni. Ukichapa tiketi mara mbili, kivuko hakipanuki.

MHADHIRI: Umejibu. Mwongezee moja tu: watakaobaki gatini ni wale waliofika na tiketi zao mwisho, na mara nyingi hao ni wavuja jasho.