Tani Moja Katikati, Majibu ya Boriti Nzima

Boriti ya chuma yenye umbo la herufi I, kimo chake sentimita 20 hivi, imelazwa juu ya kuta mbili zilizoachana mita 6. Katikati yake imening'inizwa tani moja. Fundi anapita chini na geji, anasoma boriti imenepa kiasi gani kutokana na mzigo huo: katikati ni milimita 10.8, mita 2 kutoka ukutani ni 9.2, na mita 1 kutoka ukutani ni 5.2. Anaziandika namba hizo tatu kwenye daftari, mzigo unashushwa, kazi imekwisha.

Siku chache baadaye mwenye ghala anakuja na mpango mwingine. Hataki tena kuning'iniza kitu katikati. Anataka mota ya kilo 400 ikae mita 1 kutoka ukuta wa kushoto, na tangi la kilo 600 likae mita 2 kutoka ukuta huohuo. Swali lake ni moja: pale katikati, ambapo amepanga kusimamisha kizigeu cha kioo chini ya boriti, chuma kitashuka kiasi gani?

Wengi wangedhani jaribio lirudiwe, au mhandisi akae upya na hesabu. Hakuna haja. Jibu limo daftarini tayari, kwa sababu tani moja iliyo katikati ikinepesha sehemu ya mita 1 kwa milimita 5.2, basi tani hiyohiyo ikihamishiwa kwenye mita 1 itainepesha katikati kwa milimita 5.2 zilezile. Kwa mita 2 ni hivyohivyo: 9.2 kwenda, 9.2 kurudi. Mota ni sehemu 0.4 ya tani, kwa hiyo inashusha katikati kwa 0.4 mara 5.2, yaani milimita 2.08. Tangi ni 0.6 ya tani, nalo linashusha kwa 0.6 mara 9.2, yaani 5.52. Jumla ni milimita 7.6. Mwenye kioo aache nafasi kubwa kuliko hiyo.

Kanuni hii aliitoa Mskoti James Clerk Maxwell mwaka 1864, ndani ya makala fupi kuhusu fremu za vyuma vilivyounganishwa ncha kwa ncha. Maxwell anajulikana zaidi kwa kazi yake juu ya umeme, sumaku na mwanga, na makala ile ya fremu haikuwa na hata mchoro mmoja. Wahandisi waliipita bila kuitazama. Mwaka 1872 Mwitaliano Enrico Betti aliipanua ihusu mizigo mingi kwa pamoja, na miaka miwili baadaye Mjerumani Otto Mohr alifikia mambo hayohayo kwa njia yake mwenyewe. Hapo ndipo ilipoanza kuingia kwenye meza za wachora madaraja.

Jambo lenyewe lina utata kidogo ukilitazama mara ya kwanza. Mita 1 kutoka ukutani boriti ni ngumu, maana ukuta uko karibu. Katikati ni laini. Tani ikiwekwa kwenye mita 1, pale ilipo penyewe panashuka milimita 3.3 tu, wakati katikati, ambapo hapana mzigo wowote, panashuka 5.2. Na tani ikiwa katikati, pale ilipo panashuka 10.8. Kwa hiyo kanuni haisemi kwamba sehemu mbili hizo zina ugumu sawa, wala haisemi kwamba mnepo mkubwa kabisa utakuwa uleule. Inasema kitu chembamba zaidi: athari ya mzigo wa huku kwa sehemu ya kule ni sawa na athari ya mzigo wa kule kwa sehemu ya huku. Mwanafunzi anayelinganisha 10.8 na 3.3 kisha akatangaza kwamba Maxwell alikosea, amelinganisha vitu ambavyo Maxwell hakuvitaja.

Kwa nini iwe hivyo? Siri iko kwenye nguvu inayohifadhiwa ndani ya chuma kinapopinda. Mzigo ukishuka, unafanya kazi, na kazi hiyo inakaa ndani ya boriti hadi mzigo utakapoondolewa. Sasa pakia tani mbili kwa utaratibu: kwanza ya katikati, kisha ya mita 1. Ya kwanza inaposhuka inafanya kazi yake. Ya pili inaposhuka inafanya yake, lakini wakati huohuo ile ya katikati, iliyokwisha kutulia, inasukumwa chini zaidi na kufanya kazi ya ziada. Geuza mpangilio: anza na ya mita 1, umalizie na ya katikati. Mara hii kazi ya ziada inafanywa na tani ya mita 1. Mwisho wa yote boriti ni ileile, imebeba mizigo ileile na imepinda kwa umbo lilelile, hivyo haiwezi kuwa imehifadhi kazi tofauti eti kwa sababu ya zamu ya kupakia. Ukitoa kazi zinazofanana pande zote mbili, zinazobaki ni zile za ziada, nazo lazima zilingane. Uthibitisho wote ndio huo, na hauhitaji kujua boriti ina umbo gani. Ingekuwa nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, au fremu ya paa yenye vipande arobaini, hoja ingesimama vilevile.

Faida nyingine ya daftari lile huwashangaza hata mafundi wazoefu. Tuseme mwenye ghala, baada ya kusikia milimita 7.6, anaogopa na kuamua kusimamisha nguzo katikati ili boriti isishuke kabisa. Nguzo hiyo itabeba kilo ngapi?

Bila nguzo, katikati pangeshuka 7.6. Nguzo inapaswa kusukuma juu kwa nguvu inayorudisha milimita hizo zote. Tunajua tani moja katikati husogeza milimita 10.8, kwa hiyo nguvu inayohitajika ni 7.6 kugawanya kwa 10.8, yaani sehemu 0.704 ya tani: kilo 704. Mzigo wote ni kilo 1000, hakuna hata kilo moja iliyo juu ya nguzo, lakini nguzo inachukua zaidi ya theluthi mbili. Ukigawanya kila namba ya daftari kwa 10.8 unapata umbo linaloonyesha, kwa mzigo wowote mahali popote pa boriti, nguzo ya katikati itabeba sehemu gani yake. Mjerumani Heinrich Müller-Breslau aliugeuza ukweli huu kuwa njia kamili ya kazi mwaka 1886: ondoa egemeo unalolitafuta, lisogeze kidogo, na umbo ambalo boriti inachukua ndilo jibu.

Huko Princeton, Marekani, George Beggs aliipeleka njia hiyo mezani mwaka 1922. Alikata vielelezo vidogo vya fremu kutoka kwenye karatasi ngumu, akasogeza egemeo moja kwa kipimo kidogo sana kinachojulikana, akatazama kwa hadubini sehemu nyingine zimesogea kiasi gani. Hakupakia mzigo wowote. Kwa fremu ambazo hesabu zake kwa mkono zingekula siku nyingi, kipande cha karatasi kilitoa majibu yanayotumika, kwa kuwa kinachotakiwa ni uwiano wa misogeo, na uwiano huo haujali kama kielelezo ni cha karatasi au cha chuma.

Turudi kwenye ghala, maana nguzo ile inaleta tatizo ambalo hesabu peke yake hailisemi kwa sauti. Mizigo yote iko upande wa kushoto. Nguzo ikibeba kilo 704, ukuta wa kushoto unabeba 381, na hizo mbili zimekwisha kupita 1000 kwa kilo 85. Ziada hiyo inalipwa na ukuta wa kulia: ncha ya boriti kule inataka kunyanyuka kwa nguvu ya kilo 85. Boriti ya namna hii ina uzito wa kilo 22 hivi kwa mita, kwa hiyo uzito wake wenyewe unaikalisha kila ncha kwa kilo 67 tu kabla nguzo haijawekwa. Hazitoshi. Kama ncha haikufungwa kwa bolti, itaachana na ukuta, na tangu dakika hiyo boriti si ileile iliyopimwa. Ina maegemeo mawili badala ya matatu, na zile 704 hazina maana tena.

Huo ndio mpaka wa kanuni yote. Inadai mnepo uongezeke kwa uwiano na mzigo, mzigo ukiondolewa chuma kirudi kilipokuwa, na maegemeo yawe yaleyale katika hali zote mbili. Chuma kilichopinda moja kwa moja, kamba iliyolegea, au tundu la bolti lenye uwazi vinaivunja. Hata nguzo inayozama kwenye udongo huiharibu hesabu: katika mfano wetu kila milimita moja ya kuzama inaipunguzia nguzo kilo 93 hivi.

Mwelekeo nao una masharti. Geji lazima isome msogeo katika uelekeo ambao mzigo wa pili utavuta. Mzigo ukishuka wima, pima wima. Kama mzigo wa pili utasukuma kwa ubavu, usomaji wa wima haumsaidii mtu.

Watu wanaopima madaraja na majengo hutumia ulinganifu huu kama mtego pia. Wanapakia A na kusoma B, kisha wanapakia B na kusoma A. Namba zikipishana, kwa mfano 5.2 upande mmoja na 6.0 upande mwingine, kuna kitu. Kwanza wanaangalia vipimo vya mahali: karibu na mita 1 katika boriti yetu, kukosea sentimita 10 kunabadilisha usomaji kwa karibu nusu milimita, na hiyo peke yake inaeleza zaidi ya nusu ya tofauti. Kisha wanapakia nusu ya mzigo. Mnepo ukiwa nusu kamili, boriti haina lawama. Wahakiki uzito, mahali pake na geji yenyewe. Usipokuwa nusu, wanatafuta egemeo linalokaa vibaya au kiungo kinachocheza. Dawa ya kawaida ni kupakia mzigo mdogo kwanza ili kila kitu kikae mahali pake, kuirudisha geji kwenye sifuri, na kuanza kusoma upya. Mzigo ukitolewa na geji ikagoma kurudi sifuri, wanaacha kupakia na kwenda kukagua chuma chenyewe.