Dawa ya Nguvu za Kiume Bila Sindano

Mwanamume aliyeondolewa tezi dume kwa sababu ya saratani anaweza kumeza sildenafili na asipate nafuu. Kidonge hicho hutegemea ujumbe wa neva, na neva zinazopita kando ya tezi huenda ziliumia wakati wa upasuaji. Alprostadili haisubiri ujumbe huo. Hulegeza yenyewe misuli ya ndani ya uume na mishipa yake, damu ikaingia, uume ukasimama.

Zamani dawa hii ilidungwa ubavuni mwa uume, na wengi waliiacha kwa kuogopa sindano. Mwaka 1996 Marekani iliidhinisha kipande cha dawa kilicho kidogo kuliko punje ya mchele, kinachotiwa ndani ya mrija wa mkojo kwa kifaa chembamba cha plastiki.

Hatua ya kwanza ndiyo inayopuuzwa zaidi: kwenda haja ndogo. Unyevu unaobaki mrijani hulainisha njia na kuyeyusha dawa. Mrija ukiwa mkavu, kifaa hukwaruza na dawa haisambai vizuri. Kisha mtumiaji huunyoosha uume kuelekea juu, huingiza kifaa taratibu takribani sentimita 3, hubonyeza kitufe na kusubiri sekunde 5 kabla ya kukitoa. Huuviringisha uume kati ya viganja kwa sekunde 10, kisha husimama au kutembea kama dakika 10. Akilala mapema, damu hurudi mwilini na nguvu hupungua. Matokeo huanza baada ya dakika 5 hadi 10 na hudumu kati ya nusu saa na saa moja.

Krimu ni nyepesi zaidi kutumia: hudondoshwa kwenye tundu la mkojo, bila kuingiza ncha ndani, dakika 5 hadi 30 kabla ya tendo.

Upole huu una gharama yake. Sindano hufaulu kwa watu wengi zaidi, maana sehemu ya dawa ya mrijani huishia kwenye damu ya mwili mzima. Ndiyo sababu baadhi hupata kizunguzungu, na kipimo cha kwanza cha kipande hicho hujaribiwa mbele ya daktari, ambaye huchagua kati ya mikrogramu 125 na 1,000. Mwasho au maumivu ya uume ni ya kawaida, na mke naye anaweza kuhisi kuungua ukeni. Akiwa mjamzito, kondomu ni lazima.

Mwenye selimundu asiitumie, kwa kuwa damu yake hunasa kirahisi ndani ya uume. Kwa yeyote, uume ukisimama zaidi ya saa 4, aende hospitali mara moja hata kama ni usiku wa manane, kwa kuwa tishu zinazokosa hewa ya oksijeni huharibika kabisa.