Shiti Moja ya Trimu, Mtaa Mzima

Mchezaji anayekimbia mtaani ndani ya gemu ya 3D hupita kuta, milango, matao na ngazi bila kufikiri kwamba mawe yote anayoyaona huenda yametoka kwenye picha moja ya mraba. Picha hiyo mafundi wa mazingira ya gemu huiita shiti ya trimu. Ni tekscha iliyogawanywa kuwa mikanda ya mlalo: ukanda wa mawe ya ukuta, wa nakshi ya juu, wa fremu ya mlango, wa ubao, wa chuma. Kila kipande cha jengo hukopa ukanda kinaouhitaji, na kipande kingine hukopa ukanda uleule bila kuongeza hata pikseli moja.

Ukopaji huo hufanyika kwenye UV. Chukua boksi la kadibodi, likate kwenye kona, ulilaze sakafuni: hivyo ndivyo umbo la pande tatu linavyofunuliwa kuwa bapa ili lilazwe juu ya picha. U ni nafasi kutoka kushoto kwenda kulia, V ni kutoka chini kwenda juu, na picha nzima huanzia 0 na kuishia 1 kwa kila upande. Kazi ngumu ya shiti ya trimu iko hapo, kwenye kuamua kila uso wa umbo ulale wapi. Kuchora picha yenyewe ni nusu tu ya safari.

Tuseme tunajenga mtaa wa majengo ya mawe. Shiti yetu ina pikseli 2048 kwa 2048, na tumeamua kila mita ya jengo ipewe pikseli 512. Maana yake shiti nzima ina upana wa mita 4. Kwa kipimo hicho, ukuta mmoja wa mita 4 kwa 3 ukipewa picha yake peke yake ungekula robo tatu ya shiti nzima, na bado hatujagusa mlango.

Kwa hiyo tunapanga mikanda kwanza. Msingi unaojitokeza chini ya ukuta unapata pikseli 256, yaani nusu mita. Mawe ya ukuta yanapata 1024, mita 2. Nakshi ya juu inapata 256 nyingine. Jumla ni mita 3, kimo kamili cha ghorofa moja. Fremu ya mlango, ukingo wa ngazi na ubao vinapata 128 kila kimoja, na ukanda mwembamba wa chuma 64. Zinabaki pikseli 64, nazo tunazigawa kuwa mianya minane ya pikseli 8: juu kabisa, chini kabisa, na kati ya mikanda.

Mianya hiyo ina kazi. Kitu kikiwa mbali, kadi ya picha hutumia nakala ndogo ya tekscha, iliyopunguzwa nusu, kisha nusu tena. Baada ya kupunguzwa mara tatu, mwanya wa pikseli 8 umebaki pikseli 1, na zaidi ya hapo rangi za mikanda jirani huanza kuchanganyika. Dalili yake ni mstari mweusi unaotokea ukingoni mwa nakshi ukirudi nyuma hatua kadhaa, kisha ukatoweka ukisogea karibu. Kwa sababu hiyo sipendi kuweka chuma cheusi kando ya mawe meupe. Mikanda ya rangi zinazokaribiana ikae jirani, na uvujaji ukitokea usionekane.

Sasa vipande. Ukuta wa mita 4 ni rahisi: U inaanza 0 na kuishia 1, na kwa kuwa ncha mbili za picha zimechorwa zikutane, ukuta wa pili unaendeleza wa kwanza. Tatizo linaanza na ukuta wa mita 2. Huo unatumia U kutoka 0 hadi 0.5. Weka kuta mbili za aina hiyo kando kwa kando, na pale zinapokutana, 0.5 inagusana na 0. Katika mistari ambayo kiungo cha saruji kimeangukia hapo, hakuna shida. Lakini mawe hujengwa kwa kupishana, na katika kila mstari wa pili kuna jiwe lililokatwa katikati; nusu yake ya kushoto ni ya jiwe moja, ya kulia ni ya jiwe lingine. Mchezaji ataona ufa ulionyooka unaorukaruka kutoka juu hadi chini.

Dawa iko kwenye mchoro: jiwe linalovuka 0 na jiwe linalovuka 0.5 katika mstari huohuo yachorwe sawasawa kabisa. Hapo kuta za mita 2 zinaungana kwa mpangilio wowote. Tena unaweza kutengeneza ukuta wa pili unaotumia 0.5 hadi 1, ukazichanganya hizo mbili, na marudio yakapungua bila gharama ya tekscha.

Mlango unadai kitu kingine. Miimo yake ni ya wima ilhali ukanda wa fremu ni wa mlalo, basi UV za miimo zinazungushwa nyuzi 90 na kulazwa kando ya ukanda. Hapa ndipo michirizi ya mvua iliyochorwa ndani ya tekscha inapoharibu kazi: kwenye linta inateremka vizuri, kwenye miimo inakwenda kando. Uchafu wenye mwelekeo usiwekwe kwenye shiti. Uongezwe baadaye juu ya jengo.

Juu ya mlango tuweke tao la nusu duara, uwazi wa mita 1, fremu ya sentimita 25. Katika Blender, amri ya `Follow Active Quads` inalinyoosha tao hilo kuwa ukanda ulionyooka, unaoingia sawasawa kwenye sehemu ya fremu. Lakini ukingo wa ndani una urefu wa mita 1.57 na wa nje 2.36. Tunachukua urefu wa katikati, karibu mita 1.96, na kuupa nusu ya upana wa shiti. Matokeo yake ni kwamba mchoro unavutika kwa takriban asilimia 20 ukingo wa nje na kubanwa kiasi hicho ndani. Mawe na plasta huvumilia. Ribiti za duara hugeuka mayai, na maandishi hayafai kabisa.

Kona za majengo zina ujanja wake, na ulielezwa vizuri na Morten Olsen wa Insomniac Games mwaka 2015, katika mkutano wa GDC huko San Francisco, akizungumzia gemu ya Sunset Overdrive. Kona iliyochongwa kwa poligoni chache huonekana kali kama wembe. Kwa njia hiyo, kingo za ukanda katika ramani ya nomali, yaani picha inayoiambia kompyuta uso umeelekea wapi, huinamishwa nyuzi 45. Nyuso mbili za kona zikilazwa UV zake hadi ukingoni hapo, zote mbili zinaelekea upande mmoja zinapokutana, na mwanga unapita juu yake kana kwamba kona imepigwa msasa. Hakuna poligoni iliyoongezwa. UV ikikosea kwa pikseli chache tu, kona inarudi kuwa kali, au inatokeza mstari mwembamba wa mwanga pasipo pake.

Faida ya pili ya kufuata mpangilio mmoja ni kubadilishana. Shiti ya mawe na shiti ya matofali zikiwa na mikanda ya vipimo vilevile, jengo zima linabadilika sura kwa kubadili tekscha, UV zikiwa palepale. Na memori inapona: tekscha ya rangi, ya nomali na ya ung'avu, zikibanwa kwa baiti moja kwa kila pikseli pamoja na nakala zake ndogo, zinachukua takriban megabaiti 16. Vipande thelathini vyenye seti zake binafsi vingehitaji 480.

Mpaka wa mbinu hii unaonekana siku msanifu wa hatua anapotaka ghorofa ya mita 3.2. Ukivuta ukanda wa mawe ujaze sentimita 20, mawe yanarefuka kwa asilimia 10 na jicho linagundua yakiwa kando ya ukuta wa kawaida. Afadhali kuongeza ukanda wa ubao kati ya mawe na nakshi, ukate sentimita 20 za sentimita zake 25. Na kwa kuwa nyuso nyingi zimelala juu ya eneo lilelile, UV hizi hazifai kuhifadhi mwanga uliopigwa kabla. Kivuli cha ukuta mmoja kingetokea kwenye kuta zote. Kipande kinachohitaji mwanga wa aina hiyo hupewa seti ya pili ya UV, ambamo hakuna uso unaomlalia mwenzake.