"Weak Security": mpangilio mmoja wa ruta unaoliondoa onyo hili

Ukifungua mipangilio ya Wi-Fi kwenye iPhone, huenda ukakuta maneno madogo ya kijivu chini ya jina la mtandao wako: Weak Security. Intaneti inafanya kazi kama kawaida, kwa hiyo wengi huyapuuza. Wengine hukimbilia kubadilisha nenosiri, wakaweka refu lenye namba na alama, kisha wanashangaa onyo bado lipo. Nenosiri halihusiki hapa. Simu inalalamikia namna ruta inavyosimba taarifa zinazopita hewani.

Gusa jina la mtandao huo usome maelezo. Kama tatizo ndilo hili ninalolieleza, utaona yametajwa WPA/WPA2 (TKIP), na ushauri wa kuweka WPA2 (AES) au WPA3. Ukiona Unsecured Network, hilo ni jambo jingine: mtandao hauna nenosiri kabisa. Na Privacy Warning nayo ina sababu zake. Marekebisho ya hapa hayataiondoa.

TKIP ilikuja na WPA mwaka 2003 kama kiraka. Mfumo uliotangulia, WEP, ulikuwa umeshavunjwa, na watu walikuwa na vifaa ambavyo visingeweza kubeba usimbaji mzito. Ikatafutwa njia ambayo vifaa hivyo vingeimudu kwa kuongezewa programu tu. Mwaka uliofuata ikaja WPA2 yenye AES, ambayo ndiyo dawa iliyokusudiwa tangu mwanzo. Mwaka 2008 watafiti wawili nchini Ujerumani walionyesha shambulio dhidi ya TKIP: hawakupata nenosiri, lakini waliweza kufumbua vifurushi vifupi vya taarifa na kupenyeza vya kwao.

Sasa utauliza, kama simu yangu ni mpya na inatumia AES, TKIP iliyobaki kwenye ruta inanihusu nini? Inakuhusu. Ruta inaporuhusu zote mbili, matangazo yanayotumwa kwa vifaa vyote kwa pamoja husimbwa kwa njia ambayo hata kifaa dhaifu kitaielewa, yaani TKIP. Kifaa kipya hakina namna ya kukwepa. Ndiyo maana onyo hutokea hata nyumba ambayo haina kifaa cha zamani hata kimoja: ruta imeachwa tu kwenye mpangilio wa kuchanganya.

Kurekebisha, kaa karibu na ruta ukiwa umeunganishwa na Wi-Fi yake. Kwenye iPhone, gusa alama ya i pembeni mwa jina la mtandao, ushuke hadi neno Router. Namba iliyopo mbele yake, kwa mfano 192.168.0.1 au 192.168.1.1, ndiyo anwani ya kuandika kwenye kivinjari. Utaombwa jina na nenosiri la msimamizi. Mara nyingi yamechapishwa kwenye stika chini ya ruta, na si lazima yafanane na nenosiri la Wi-Fi.

Tuchukue ruta nyingi za zamani za TP-Link. Ingia Wireless, kisha Wireless Security. Chini ya WPA/WPA2 - Personal kuna visanduku viwili. Cha kwanza, Version, kikiwa Automatic au WPA-PSK, chagua WPA2-PSK. Cha pili, Encryption, kikiwa Automatic au TKIP, chagua AES. Hicho cha pili ndicho watu husahau, na onyo hubaki palepale. Nenosiri liache kama lilivyo ili vifaa vingine virudi vyenyewe. Bonyeza Save, na ruta ikiomba kuwashwa upya, ikubalie. Wi-Fi itakatika kidogo, usishtuke.

Ruta za kampuni nyingine huandika tofauti, pengine TKIP&AES au WPA/WPA2 mixed, lakini unachotafuta ni kilekile: WPA2 yenye AES peke yake. Ikiwa ipo WPA3, au WPA2/WPA3, chagua hiyo. Kama ruta inarusha 2.4 GHz na 5 GHz kila moja na ukurasa wake, rekebisha zote mbili.

Baada ya hapo zima Wi-Fi ya simu uiwashe tena. Onyo likibaki, gusa Forget This Network, ujiunge upya. Printa au kamera ya zamani sana inaweza kushindwa kurudi kwenye mtandao. Hicho ndicho kifaa kisichoijua AES, na ni afadhali kukibadilisha kuliko kuirudisha TKIP kwa ajili yake.

Kwenye Wi-Fi ya hotelini au mgahawani huna cha kubadilisha kwenye simu yako. Mwonyeshe mwenye mtandao maelezo hayo, na kazi za benki zifanye kwa bando lako. Na kama ruta yako mwenyewe haina kabisa chaguo la AES, imepitwa na wakati: nunua nyingine.